Taarifa ya Mwezi ya Soko: Mteja Aelezwe Nini?

Mteja wa wakala wa hisa jijini Dar es Salaam anapofungua taarifa ya mwezi, hutaka kwanza kujua fedha zake zimeendaje. Kwa hiyo aya ya kwanza ijibu hilo, ya pili ieleze sababu, na ya mwisho itaje tarehe za kuangalia, kama siku ya mnada wa hatifungani za serikali.

Ugumu huwa kwenye sababu. Soko la Hisa la Dar es Salaam lina viashiria viwili vikuu. DSEI huhesabu kampuni zote, zikiwemo za Kenya zilizoorodheshwa pia hapa, kama KCB. TSI huhesabu za ndani tu. Bei zikishuka Nairobi, DSEI inaweza kuanguka ilhali hisa za ndani zimepanda. Ukiandika tu "soko limeshuka", mwenye hisa za ndani atashtuka bure.

Gawio nalo lina mtego. Tuseme hisa ilikuwa shilingi 1,000, kampuni ikatoa gawio la shilingi 60, kisha bei ikawa 950. Usiishie kwenye "imepoteza asilimia 5". Andika: "Bei imeshuka shilingi 50, lakini aliyestahili gawio amepata 57 baada ya kodi ya zuio."

Acha utabiri wa bei, tetesi na sababu za kubuni. Hisa isiyouzwa mara kwa mara inaweza kushuka kwa sababu tu muuzaji mmoja alihitaji fedha haraka. Sababu isipojulikana, sema haijulikani.