Mtoto anapokwama kati ya beriberi na pelagra

Katika maswali ya lishe, mwanafunzi huwekewa Orodha A yenye magonjwa na Orodha B yenye vitamini, kisha huambiwa aoanishe. Kiseyeye na vitamini C wengi hupata. Matege na vitamini D nayo hayasumbui sana. Wengi hukwama kwenye beriberi na pelagra, kwa kuwa yote mawili hutokana na upungufu wa vitamini za kundi B. Aliyekariri namba tu, B1 na B3, huzibadilisha bila kujua.

Mzazi anayemsaidia mtoto kujisomea anaweza kumfundisha kuuliza mambo mawili: wagonjwa walikuwa wakila nini, na ni sehemu gani ya mwili iliyoathirika?

Beriberi hufuata wali mweupe. Vitamini B1, yaani thiamini, imo kwa wingi kwenye utando wa nje wa punje ya mchele. Mashine ikiung'arisha mchele, thiamini huondoka na pumba. Katika miaka ya 1890 kisiwani Java, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman aliona kuku waliolishwa wali mweupe wakilegea miguu, kisha wakapata nafuu walipopewa mchele usiong'arishwa. Kwa binadamu, beriberi hushika mishipa ya fahamu na moyo: miguu hufa ganzi, misuli hukosa nguvu, na wengine huvimba miguu kwa sababu moyo unashindwa kazi.

Pelagra hufuata mahindi. Vitamini inayokosekana ni B3, yaani niasini. Ajabu yake ni kwamba mahindi yana niasini, ila imefungamana na vitu vingine kiasi kwamba utumbo hauwezi kuichukua. Mwili unaweza pia kujitengenezea niasini kutokana na triptofani, ambayo ni sehemu ya protini, lakini protini ya mahindi ina triptofani kidogo. Watu wa Meksiko tangu zamani huchemsha mahindi kwenye maji ya chokaa kabla ya kuyasaga, na chokaa hiyo huifungua niasini. Unga wa ugali haupiti hatua hiyo, kwa hiyo niasini ya mlaji hutegemea kitoweo.

Mfano wa karibu ni wa Malawi. Mwaka 1990, wakimbizi kutoka Msumbiji waliokuwa nchini humo walipata pelagra kwa wingi, wagonjwa zaidi ya 18,000. Mgawo wao ulitegemea mahindi, na karanga ndizo zilizokuwa zikiwapa sehemu kubwa ya niasini. Ugavi wa karanga ulipokatika, mahindi yalibaki na watu waliendelea kushiba, lakini ngozi zao zikaanza kubabuka.

Sasa tuseme swali linasema hivi: "Watu wa kijiji fulani hula ugali na mboga za majani tu kwa miezi mingi. Baadhi yao wana ngozi nyeusi iliyokakamaa shingoni na mikononi, wanaharisha na wamekuwa wasahaulifu. Wanakosa vitamini gani?" Chakula ni mahindi. Ngozi imeharibika mahali panapopigwa na jua, tumbo limevurugika na akili imeguswa. Hizo ndizo dalili tatu za pelagra, na jibu ni B3. Kama swali lingetaja wali mweupe na miguu yenye ganzi, jibu lingekuwa B1.

Njia hiyo hiyo huyafungua yale mengine. Mabaharia waliokaa miezi baharini bila matunda wala mboga mbichi walivuja damu kwenye fizi na vidonda vyao havikupona: hicho ni kiseyeye, na kinachokosekana ni vitamini C. Mtoto mwenye mifupa laini na miguu iliyopinda ana matege, na anakosa vitamini D. Hapa swali la chakula halitoshi, kwa sababu vitamini D nyingi hutengenezwa na ngozi ikipigwa na jua. Swali likitaja mtoto anayefungiwa ndani mchana kutwa, hicho ndicho kidokezo.

Nyumbani, babuko la pelagra hudhaniwa kuwa ni la kuungua na jua au fangasi. Hutambulika kwa sababu hutokea pande zote mbili za mwili kwa kufanana, mpaka wake na ngozi nzima huonekana wazi, na shingoni huzunguka kama mkufu. Mwenye dalili hizo apelekwe kituo cha afya mapema, kwa kuwa pelagra isiyotibiwa huua. Tiba ni vidonge vya niasini, pamoja na kurudisha sahanini karanga, samaki, nyama, mayai au maharage.