Barua Pepe kwa Polisi: Ombi Litangulie, Maelezo Yafuate

Wakazi wa mipakani walio wengi hutuandikia barua pepe kwa utaratibu wa barua ya karatasi. Barua ya Kiswahili huwa na mstari wa «YAH:», na ya Kinyarwanda huwa na «Impamvu:». Kisha hufuata salamu, shukrani na maneno «husika na kichwa cha habari hapo juu». Katika karatasi utaratibu huo hauna madhara, kwa kuwa msomaji huuona ukurasa wote kwa mara moja. Barua pepe ni tofauti. Kabla haijafunguliwa, kwa kawaida kioo cha simu au kompyuta huonyesha jina la mwandishi, kichwa cha habari na maneno machache tu ya mwanzo. Maneno hayo yakiwa ni salamu tupu, anayepokea hawezi kujua kama barua inamhusu yeye, kikosi cha usalama barabarani, au kituo kingine.

Tutazame mfano tulioutunga kwa kufuata mtindo uliozoeleka. Mfanyabiashara wa mchele kutoka Ngara, Tanzania, gari lake limegongwa na lori upande wa Rwanda. Anaandika hivi:

«Shikamoo Afande. Natumaini u mzima wa afya pamoja na wote unaofanya nao kazi. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mfanyabiashara wa mchele na nimekuwa nikivuka mpaka wa Rusumo kwa miaka sita bila tatizo lolote. Siku ya Jumanne nilikuwa natoka sokoni na mvua ilikuwa imenyesha, ndipo lori likanigonga kwa nyuma. Askari walifika wakapima. Sasa watu wa bima wananisumbua, wanasema bila ripoti hawalipi, na siku zinakwisha. Hivyo naomba msaada wako.»

Aya hii ina adabu, lakini ombi limekuja mwishoni kabisa, na hata hapo halikutajwa kwa jina lake. «Msaada» ni upi? Anayesoma hulazimika kukisia, au kumwandikia tena kumwuliza, na huku muda wa bima unapita.

Kuirekebisha, kwanza tunatafuta kitenzi kinachobeba shabaha: naomba, naripoti, naulizia, au nawasilisha. Hapa ni «naomba». Pili, tunakitaja kitu chenyewe kinachoombwa, nacho ni nakala ya ripoti ya ajali. Tatu, tunaongeza mambo yanayowezesha ripoti hiyo kutafutwa, yaani mahali na tarehe, na kutaja siku ya mwisho inapohitajika. Salamu inabaki, ila fupi. Aya inakuwa hivi:

«Shikamoo Afande. Naomba nakala ya ripoti ya ajali iliyotokea Rusumo, Wilaya ya Kirehe, Jumanne tarehe 4 Machi 2025, ambapo lori liligonga gari langu kwa nyuma. Kampuni ya bima inaihitaji kabla ya tarehe 28 Machi 2025.»

Kichwa cha habari nacho kiseme jambo lilelile: «Ombi la ripoti ya ajali, Rusumo, 4 Machi 2025». Namba za usajili za magari yote mawili, jina la dereva na namba ya simu ya mwombaji zinaingia katika aya ya pili, pamoja na habari ya mvua ikiwa inasaidia kueleza ajali. Miaka sita ya kuvuka mpaka inaachwa, kwa sababu haimsaidii yeyote kuitafuta ripoti. Shukrani zinakaa mwisho.

Kabla ya kutuma, funika kwa kiganja kila kitu isipokuwa sentensi mbili za kwanza baada ya salamu, kisha umpe mtu asiyejua habari hiyo azisome. Akiweza kusema unataka nini na kufikia lini, barua imekamilika. Akiuliza «kwani kumetokea nini?», ombi bado limefichika. Ukiwa na maombi mawili yasiyohusiana, kwa mfano ripoti ya ajali na kitambulisho kilichopotea, andika barua mbili, kwa kuwa huenda yakashughulikiwa na watu tofauti.

Utaratibu huu una mipaka yake. Maelezo ya shahidi hayafupishwi hivyo. Hayo hufuata mtiririko wa tukio tangu mwanzo hadi mwisho, na jambo dogo kama mvua laweza kuwa na uzito. Yaandikwe kamili na kuambatishwa, huku barua yenyewe ikianza: «Nawasilisha maelezo yangu kuhusu ajali ya Rusumo ya tarehe 4 Machi 2025.» Na ikiwa hatari ipo wakati huohuo, barua pepe si njia yake. Ukiwa ndani ya Rwanda, piga 112. Na hapo pia, taja kwanza kilichotokea na mahali ulipo.