Chakula Kipo Sokoni, Njaa Imo Nyumbani

Mwaka wa 1943 watu wengi walikufa kwa njaa katika njia za mji wa Kalkuta, jimbo la Bengali, nchini Uhindi. Walijilaza mbele ya maduka yenye mchele, na wengi hawakuamka tena. Wengi wa hao hawakuwa wenyeji wa mji. Walitoka vijijini, huko huko mchele unakolimwa, wakaja mjini kuomba angalau maji yaliyopikiwa wali. Tume iliyowekwa na serikali ilikadiria baadaye kwamba njaa ile, pamoja na magonjwa yaliyoifuata, iliua watu milioni moja na nusu. Wataalamu waliozipima upya hesabu hizo wamesema waliokufa walikaribia milioni tatu.

Je, mchele ulikuwa umekwisha katika Bengali? Mtoto mmoja wa miaka tisa aliyeiona njaa ile kwa macho yake, jina lake Amartya Sen, alikua akawa mtaalamu wa mambo ya uchumi, akarudi kulichunguza swali hilo. Katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1981 alionyesha kwamba chakula kilichokuwamo Bengali mwaka wa 1943 kilipungua kwa kadiri ya sehemu 5 tu katika 100, kikilinganishwa na wastani wa miaka mitano iliyotangulia. Tena kilizidi kile cha mwaka wa 1941, na mwaka huo wa 1941 haukuwa na njaa kuu. Basi, msomaji mpenzi, yatupasa kutafuta sababu nyingine.

Kuwapo na kupata

Kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni kuwapo kwa chakula: mavuno ya mashambani, akiba ya ghalani, na shehena iletwayo kutoka nchi nyingine. La pili ni kukipata: uwezo wa jamaa fulani kukifikisha chakula hicho chunguni mwao. Jamaa hupata chakula kwa njia chache tu. Hukilima wenyewe, au hukinunua kwa fedha ya kazi yao au ya vitu wanavyouza, au hupewa na ndugu, majirani au serikali. Njia hizo zikikatika zote, jamaa hiyo itakufa njaa hata kama ghala la jirani limejaa hadi mlangoni.

Anayehesabu magunia ya nchi nzima na kuyagawanya kwa idadi ya watu anapima jambo la kwanza tu. Hesabu yake yaweza kuwa sahihi kabisa, nayo isimwambie lolote juu ya nani atakula.

Jinsi bei ilivyopanda

Wakati huo ulikuwa wakati wa vita. Mwanzoni mwa mwaka wa 1942 majeshi ya Wajapani yaliiteka Burma, na mchele uliozoea kutoka huko ukakoma. Serikali ya Waingereza ikiogopa kwamba adui ataingia Bengali, iliamuru mchele uondolewe katika wilaya za pwani, na mashua zenye kuweza kuchukua watu kumi au zaidi zichukuliwe au ziharibiwe. Katika nchi ile ya mito mingi mashua ndiyo barabara. Hivyo wavuvi walipoteza kazi yao, na wachukuzi walipoteza yao. Mwezi wa Oktoba mwaka huo tufani kubwa iliipiga wilaya ya Midinapuri na kuharibu mavuno. Majimbo mengine ya Uhindi nayo yalikuwa yamezuia nafaka zao zisitoke nje ya mipaka yao.

Wakati huo huo fedha nyingi za vita zilimwagika mjini Kalkuta. Viwanda, bandari, jeshi na ofisi za serikali vilihitaji watu, na watu hao walilipwa. Zaidi ya hayo, wenye kazi zilizohesabiwa kuwa za lazima kwa vita waliuziwa mchele kwa bei nafuu, na ili kuwalisha serikali na makampuni walinunua mchele mwingi kutoka vijijini. Wafanya biashara walipoona bei inapanda, walificha akiba zao wakingoja ipande tena. Wakulima wenye ziada nao hawakuharakisha kuuza.

Matokeo yake yalionekana sokoni. Mwezi wa Desemba 1942 kipimo kimoja cha mchele, karibu kilo 37, kiliuzwa Kalkuta kwa rupia 13 au 14. Mwezi wa Machi 1943 kilifika rupia 21. Mwezi wa Mei kilipita rupia 30, na katika wilaya kadhaa za mashariki bei ilipanda kuliko hiyo.

Hesabu ya kibarua mmoja

Tufanye hesabu kwa mfano, ili maana ya bei hizo ionekane. Tuseme kibarua asiye na shamba, mwenye mke na watoto watatu, anapata kwa siku ujira unaotosha kununua kilo tatu za mchele katika mwezi wa Desemba. Jamaa yake inakula kilo mbili. Kinachobaki kinanunua chumvi, mafuta na nguo. Kufika Mei bei imezidi maradufu, lakini ujira wake haujabadilika. Sasa kazi ya siku nzima inampatia kilo moja na robo tu. Hata akiacha kununua chumvi na nguo, watu watano hawatashiba. Na siku asipopewa kazi, hapati hata hiyo.

Sasa mtazame jirani yake mwenye shamba dogo, anayekula mpunga wake mwenyewe. Bei ikipanda au ikishuka, gunia lake lina kilo zile zile. Wote wawili wanaishi katika kijiji kimoja, mvua iliyowanyeshea ni moja, lakini mmoja atazikwa na mwingine ataishi. Ndivyo ilivyokuwa kweli katika Bengali. Walioangamia zaidi walikuwa vibarua wa mashambani, wavuvi, wachukuzi, na wanawake waliopata riziki kwa kutwanga mpunga wa wengine. Hata vinyozi waliangamia, kwa maana mtu anayeona bei ya chakula inapanda huacha nywele zake zikue. Wenye mashamba yao, na hata waliolima shamba la mwingine kwa kugawana mavuno, waliumia kidogo kuliko hao.

Kwa haki imetupasa kuongeza jambo moja. Wako wataalamu wasiokubaliana na Sen juu ya mavuno. Wanasema takwimu za siku zile zilikuwa za kubahatisha, na kwamba ugonjwa wa mpunga wa mwisho wa mwaka 1942 huenda ulipunguza mavuno kuliko ilivyoandikwa. Lakini hata wakiwa na haki, upungufu huo haukugawanywa sawasawa kwa watu wote. Wenye kazi za kudumu mjini Kalkuta walikula. Vibarua wa vijijini walikufa.

Njaa isiyopandisha bei

Mtu aweza kudhani sasa kwamba bei kubwa ndiyo alama ya kila njaa kuu. Sivyo. Miaka thelathini baadaye, mwaka wa 1973, njaa iliua watu wengi katika jimbo la Wolo, nchini Ethiopia. Huko ukame ulikausha mashamba ya jimbo lile, lakini mavuno ya nchi nzima hayakupungua sana. La kushangaza ni kwamba katika soko la Dese, mji mkuu wa jimbo, bei ya nafaka haikupanda sana. Tena habari zilisema kwamba nafaka ilikuwa ikitoka Wolo kwenda Adis Ababa na Asmara, huku wenye njaa wamejipanga kando ya barabara hiyo hiyo wakisimamisha magari na kuomba.

Sababu yake ni hii: mkulima ambaye shamba lake limekauka amepoteza chakula chake na fedha yake pamoja, kwa kuwa hana cha kuuza. Mfugaji ambaye ng'ombe zake zimekufa au zimekonda hapati mnunuzi wa kumpa bei njema. Watu hawa wana njaa, lakini soko haliwasikii, kwa sababu soko husikia sauti ya fedha tu. Mfanya biashara hupeleka gunia lake mahali penye mnunuzi. Wahenga walisema, mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Na mizani ya soko haimjui kabisa.

Kutambua na kuponya

Kwa hiyo asiyetaka kudanganywa na hesabu ya magunia aangalie mizani nyingine: siku moja ya kazi inanunua kilo ngapi leo, na ilinunua ngapi mwezi uliopita? Mbuzi mmoja anabadilishwa kwa nafaka kiasi gani? Kilo hizo zikipungua juma kwa juma, hatari imekaribia, hata kama malori ya chakula yanapita barabarani. Dalili nyingine ni watu wengi kuuza kwa mara moja vitu wasivyouza kwa kawaida: vyombo vya kupikia, majembe, mabati ya nyumba.

Huko Uhindi sheria za njaa, zilizoandikwa tangu karne ya kumi na tisa, zilikuwa na kipimo cha busara. Serikali ilifungua kazi ngumu ya barabara au ya kuchimba mabwawa, kwa ujira mdogo sana. Watu wakija wengi, ilijulikana kwamba vijijini hakuna tena njia ya kupata chakula. Mwaka wa 1943 serikali ya Bengali haikutangaza njaa kwa sheria hizo, maana kuitangaza kungeilazimisha kutoa misaada mikubwa. Msaada mkubwa ulianza hasa mwezi wa Oktoba, mtawala mpya, Bwana Wavell, alipoamuru jeshi ligawe chakula vijijini. Mavuno ya Desemba yalikuwa mazuri, na hata hivyo vifo havikukoma. Malaria, kipindupindu na ndui viliendelea kuwachukua waliokwisha dhoofika, katika mwaka wa 1944 na baada yake.

Dawa nayo hufuata ugonjwa. Palipo na chakula lakini watu hawana fedha, kazi yenye ujira au fedha mkononi yatosha, kwani wafanya biashara wataleta magunia wenyewe. Lakini pasipo na chakula kabisa, au barabara imefungwa na vita, fedha peke yake itapandisha bei tu, na aliyekosa fungu hilo ataumia zaidi. Hapo sharti magunia yenyewe yaletwe. Basi kabla ya kuuliza ni tani ngapi zimepungua, tuulize kwanza: ni nani asiyeweza kununua, na tangu lini?