Ng'ombe Hana Jumapili: Panga Zamu ili Kila Mfanyakazi Apate Wikiendi Yake

Leo tuongelee kitu kinachofukuza wakamuaji wazuri hata pale ambapo mshahara si mbaya, yaani siku za mapumziko.

Ng'ombe wa maziwa anakamuliwa asubuhi na jioni, siku saba za wiki. Kwa hiyo mashamba mengi bosi humpa kila mtu siku yake ya kudumu: huyu Jumanne, yule Alhamisi. Siku ya mapumziko ipo, lakini yule wa Jumanne haendi harusi wala hawakuti watoto nyumbani, maana wako shule. Mwenye Jumapili naye haachii. Baada ya miezi michache unasikia, "Bosi, nimepata kazi sehemu nyingine."

Tuchukue shamba lenye wafanyakazi watano, ambapo wanne wanatosha kwa siku. Waite A, B, C, D na E. Wiki ya kwanza panga hivi:

A: Jumatatu, Jumamosi na Jumapili
B: Jumanne
C: Jumatano
D: Alhamisi
E: Ijumaa

Kila siku anapumzika mmoja tu na wanne wako kazini. Wiki inayofuata kila mtu anarudi nyuma siku moja. C anahamia Jumanne, D Jumatano, E Alhamisi. B aliyekuwa Jumanne anaingia nafasi ya A, yaani Jumatatu pamoja na wikiendi, na A anakwenda Ijumaa. Endelea hivyo. Kwa wiki tano kila mmoja amepata siku 7 za mapumziko, na ndani yake kuna wikiendi moja kamili.

Kwa nini kurudi nyuma, na si kwenda mbele? Hesabu kwa vidole. Aliyepumzika Ijumaa, akipumzika Alhamisi wiki inayofuata, katikati amefanya kazi siku 5. Ukimsogeza mbele, kutoka Jumanne hadi Jumatano ya wiki inayofuata, amefanya siku 7 mfululizo. Mkamuaji aliyechoka anaruka hatua: haoshi chuchu vizuri, hapimi maziwa ya kwanza kwenye kikombe, na ugonjwa wa kiwele unaingia bila wewe kujua.

Ile Jumatatu ya ziada usiione kama zawadi ukaifuta. Bila hiyo, mtu anayetoka Jumanne atafanya kazi siku 10 mfululizo kabla ya kufika Jumamosi yake.

Kwa Tanzania, sheria ya ajira ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki. Katika ratiba hii wiki nyingi mtu anafanya siku 6, hivyo kila siku isizidi saa 7 na nusu, ukijumlisha zamu ya asubuhi na ya jioni. Ukimwita mtu kazini siku yake ya mapumziko, kila saa unamlipa mara mbili ya mshahara wa msingi. Ndiyo maana ni vizuri kuwa na kibarua mmoja anayejua kukamua, wa kumwita mtu akiugua.

Sasa hatari yenyewe. Mfano E amemchoma ng'ombe sindano ya kiwele Alhamisi jioni, kesho yake yuko nyumbani. Anayeshika zamu hajui, maziwa yenye dawa yanaingia kwenye kopo la wote, na kituo kinakataa mzigo mzima. Kwa hiyo ng'ombe akitibiwa tu, mfunge kamba nyekundu mguuni. Kwenye ubao wa banda andika jina la ng'ombe, dawa, na tarehe maziwa yatakapoanza tena kuuzwa kulingana na maelezo ya kwenye chupa. Hakuna anayeondoka kabla hajaandika. Pia kila ng'ombe azoeshwe wakamuaji wawili, maana wengine hubana maziwa wakishikwa na mkono mgeni.

Kubadilishana siku ruhusu. Mwislamu anaweza kuomba Ijumaa, Msabato Jumamosi. Ila wote wawili wakubali, iandikwe ubaoni, na ilipwe ndani ya wiki tano hizo hizo.

Utajuaje ratiba imeanza kuharibika? Kila baada ya wiki tano, kaa na wafanyakazi mhesabu pamoja. Ukikuta mmoja ana wikiendi mbili na mwingine hana hata moja, angalia kama aliyepata mbili si ndugu yako au nyapara. Mrudishie aliyekosa kwenye mzunguko unaofuata, kisha ratiba ya wiki tano zijazo ibandikwe ukutani siku hiyo hiyo, kila mtu aione.