Barua kwa Mganga: Kueleza Ugonjwa kwa Mpangilio wa Tarehe

Swali: Wewe ni Hamisi Kombo wa S.L.P. 40, Kilosa. Kwa mwezi mmoja umekuwa ukikohoa, ukitokwa na jasho usiku na kupungua uzito. Mwandikie barua Mganga Mfawidhi wa kituo cha afya, S.L.P. 12, Kilosa, ukimweleza hali yako na kuomba uchunguzi.

Hii ni barua rasmi. Muundo wake unaujua: anwani mbili, tarehe, salamu, kichwa cha barua, kiini, mwisho, sahihi na jina. Watahiniwa wengi huanguka kwenye kiini. Huandika hivi: "Nimeumwa sana kwa muda mrefu, nakohoa, nimekonda na usiku silali." Mganga akisoma sentensi hiyo hajui ni kipi kilianza, kimechukua siku ngapi, wala kimezidi au kimepungua. Hayo ndiyo anayoyahitaji ili aamue hatua ya kwanza.

Chukua kikohozi. Kikohozi cha siku nne mara nyingi ni mafua, nacho huisha chenyewe. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi humfanya mganga afikirie kifua kikuu na aagize makohozi yapimwe. Kikiandamana na jasho la usiku na kupungua uzito, shaka huongezeka. Kwa hiyo maneno "tangu tarehe 5 Aprili" yana kazi kubwa kuliko "muda mrefu", kwa sababu msomaji anaweza kuzihesabu siku.

Kutafuta tarehe

Kabla ya kuandika barua, chora ratiba pembeni ya karatasi. Kama hukumbuki tarehe, tafuta tukio lililo karibu nayo. Mwaka 2024 Pasaka ilikuwa tarehe 31 Machi, na Siku ya Muungano huwa tarehe 26 Aprili. Hamisi anakumbuka kwamba alianza kukohoa Ijumaa iliyofuata Pasaka, yaani tarehe 5 Aprili. Jasho lilianza wiki moja kabla ya Muungano, yaani kama tarehe 19 Aprili. Pale usipokuwa na hakika, andika "kama tarehe 19". Usibuni.

Ratiba yake ikawa hivi:

3 Aprili: alikwenda zahanati kufunga jeraha, akapimwa uzito, kilo 58.
5 Aprili: kikohozi kikaanza, kikavu.
12 hadi 16 Aprili: alimeza amoksilini kutoka duka la dawa, hakupona.
19 Aprili: jasho la usiku likaanza.
4 Mei: alipimwa tena, kilo 53.
6 Mei: siku ya kuandika barua.

Sasa barua inajiandika. Panga aya kwa kufuata tarehe, wala usianze na dalili inayokutisha zaidi.

Barua ya mfano

(Anwani ya mwandishi na tarehe huandikwa upande wa kulia juu.)

S.L.P. 40,
KILOSA.
6 Mei 2024.

Mganga Mfawidhi,
Kituo cha Afya,
S.L.P. 12,
KILOSA.

Ndugu Mganga,

YAH: MAELEZO YA UGONJWA NA OMBI LA KUCHUNGUZWA

Husika na kichwa cha barua hapo juu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne, nina umri wa miaka 18. Ninaumwa kwa mwezi mmoja sasa na ninaomba kuchunguzwa.

Nilianza kukohoa tarehe 5 Aprili 2024. Mwanzoni kikohozi kilikuwa kikavu. Tarehe 12 Aprili nilinunua amoksilini kwenye duka la dawa, nikameza kwa siku tano hadi zikaisha, lakini kikohozi hakikukoma. Tangu wiki iliyofuata ninatoa makohozi mazito, hasa asubuhi. Sijawahi kuona damu ndani yake.

Kama tarehe 19 Aprili nilianza kutokwa na jasho usiku. Lilinijia mara moja au mbili kwa wiki. Tangu tarehe 26 Aprili linanijia karibu kila usiku, nami hulazimika kubadili fulana na kugeuza shuka. Ndugu yangu ninayelala naye chumba kimoja huamka mkavu.

Tarehe 3 Aprili nilipimwa zahanati nikawa na kilo 58. Tarehe 4 Mei nilipimwa kwenye mzani uleule nikawa na kilo 53. Sijapunguza chakula kwa kutaka, ila tangu katikati ya Aprili sina hamu ya kula.

Mjomba wangu tunayeishi naye nyumba moja alianza dawa za kifua kikuu mwezi Februari mwaka huu. Sina ugonjwa mwingine ninaoutibu.

Ninaomba unichunguze. Nimeileta barua hii mwenyewe na niko tayari kutoa makohozi leo.

Wako mtiifu,
(Sahihi)
Hamisi Kombo

Tuichambue

Tazama aya ya jasho. Kilosa kuna joto, na kila mtu hutoka jasho usiku wa joto. Hamisi anaonyesha tofauti kwa mambo mawili: fulana inalowa hadi ibadilishwe, na ndugu yake wa chumba kimoja haloi. Bila hayo, mganga angeweza kudhani ni hali ya hewa tu.

Katika aya ya uzito kuna namba mbili, tarehe mbili na mzani mmoja. Mizani miwili tofauti inaweza kupishana kwa kilo moja au zaidi, hivyo kutaja kwamba ni mzani uleule kunaipa tofauti ya kilo 5 uzito wa ushahidi. Kama hukupimwa hapo awali, eleza kinachoonekana: suruali iliyokubana mwezi Machi sasa yahitaji mkanda.

Dawa iliyomezwa nayo isifichwe. Mtahiniwa huogopa kuonekana alijitibu, lakini mganga akijua kwamba siku tano za amoksilini hazikusaidia, hatampa dawa ileile tena. Vivyo hivyo sentensi ya mjomba na ile ya damu: dalili isiyokuwepo ni taarifa pia.

Angalia pia njeo. "Nilianza kukohoa" hutaja mwanzo uliokwisha pita. "Ninatoa makohozi tangu wiki iliyofuata" huonyesha hali inayoendelea. Ukiandika "nilikohoa mwezi Aprili", umemwambia mganga kuwa umepona. Alama hupotea hapo, na katika barua ya kweli mgonjwa hurudishwa nyumbani.

Makosa ya kuepuka

Usiandike "nina kifua kikuu, nipe dawa". Jasho, kikohozi na kukonda huweza kutokana na magonjwa mengine pia, na kipimo ndicho huamua. Kazi yako ni kueleza ulichoona.

Usitumie "siku nyingi", "hivi karibuni" au "sana" mahali pa namba.

Usijaze salamu za kirafiki wala habari za masomo. Mganga ana foleni mlangoni.

Mwisho, kumbuka kwa nini Hamisi aliipeleka barua kwa mkono. Kifua kikuu cha mapafu huenea kwa hewa mtu anapokohoa, na ndugu yake hulala chumba hichohicho. Barua kama hii humsaidia mgonjwa kueleza bila kusahau akifika kituoni; haifai kutumwa kwa posta na kusubiri majibu.

Zoezi: Dada yako amekohoa wiki tatu na anatokwa na jasho usiku. Chora ratiba yenye tarehe tano, kisha mwandikie mganga barua kwa niaba yake.