Je, Owen ana sababu ya kuwa askari?

Owen Wingrave ni kijana wa Kiingereza aliyezaliwa katika ukoo wa wanajeshi. Babu yake ni askari mstaafu, baba yake alifia vitani, na picha za mababu zimeipamba nyumba yao. Yeye mwenyewe anaandaliwa kuingia jeshini, na mwalimu wake anamtegemea sana. Ghafla anatangaza kwamba hataki tena. Anachukia vita, anachukia maisha ya kijeshi na kila kinachoambatana nayo. Anaitwa nyumbani, na huko babu, shangazi na binti aliyedhaniwa kuwa angemwoa wanamwandama. Hoja yao ni kwamba wanaume wote wa ukoo huu wamekuwa askari na heshima ya familia inadai hivyo. Kwa hiyo, apende asipende, anayo sababu ya kwenda.

Kisa hiki ni cha kubuni. Henry James alikiandika mwaka 1892, na Benjamin Britten akakigeuza kuwa opera iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye televisheni ya BBC mwaka 1971. Miaka 8 baadaye mwanafalsafa Mwingereza Bernard Williams alikitumia katika makala fupi ambayo wanafalsafa wa maadili hawajaacha kuijadili hadi leo. Hakuuliza kama familia ya Owen ina ukali kupita kiasi. Aliuliza jambo gumu zaidi: wanapomwambia Owen kwamba anayo sababu ya kuingia jeshini, wanasema kweli?

Kuna majibu ya aina mbili. La kwanza linasema kwamba mtu hana sababu ya kufanya jambo mpaka jambo hilo liwe na mnyororo, hata kama ni mrefu, unaolifunga na kitu anachokitaka au kukijali tayari. Sababu za namna hii Williams aliziita za ndani. Jibu la pili linasema kwamba zipo sababu zinazomhusu mtu bila kujali anataka nini, ambazo ni za nje. Familia ya Owen inadai sababu ya nje, kwa kuwa inajua fika kwamba moyoni mwa kijana huyo hakuna chochote kinachovutwa na jeshi, na bado inashikilia kwamba sababu ipo.

Williams alilitetea jibu la kwanza, na wengi wanaomsikia mara ya kwanza humwelewa vibaya. Hakusema kwamba mtu ana sababu ya kufanya chochote kinachomjia kichwani. Alitoa mfano wa mtu anayetamani kunywa jini. Mbele yake kuna chupa anayoamini kuwa ya jini, kumbe ndani yake ni petroli. Je, ana sababu ya kumimina kilichomo, akichanganye na soda na kukinywa? Hana. Anaamini anayo, na imani hiyo inatosha kueleza kwa nini anaishika chupa, lakini amekosea. Hamu yake ni ya jini, na kinywaji hiki hakitaitimiza. Kwa hiyo hata kwa upande wa ndani mtu anaweza kukosea kabisa kuhusu sababu zake mwenyewe.

Anaweza pia kuwa na sababu asiyoijua. Ichukuliwe hali ambayo wahudumu wa kliniki za kifua kikuu wanaijua vizuri. Matibabu ya kawaida ya ugonjwa huu huchukua miezi 6: miezi 2 ya mwanzo kwa dawa za aina nne, kisha miezi 4 kwa dawa za aina mbili. Mara nyingi mgonjwa hupata nafuu katika wiki za mwanzo. Kikohozi kinapungua, hamu ya kula inarudi, kilo zinaongezeka. Hapo vidonge huanza kuonekana kero, kwani vinachefua na kliniki iko mbali. Ukimuuliza kama anataka kuendelea na dawa, atasema wazi kwamba hataki.

Je, ana sababu ya kuendelea? Kwa mtazamo wa Williams anayo, tena kubwa. Mgonjwa huyu anataka kuishi, anataka kufanya kazi, na hataki kuwaambukiza wanawe. Kitu asichokijua ni kwamba nafuu anayoisikia haimaanishi vijidudu vimekwisha mwilini. Akiacha dawa katikati, vilivyobaki vinaweza kuzaliana upya, na huenda vikawa sugu kwa dawa zilezile. Mhudumu anayemweleza hayo haleti tamaa mpya kutoka nje. Anachofanya ni kuziba pengo la maarifa kati ya vidonge na mambo ambayo mgonjwa alikuwa anayajali tangu mwanzo. Akikaa akafikiri barabara, ataufikia uamuzi wa kuendelea kwa nguvu ya mambo hayohayo.

Kufikiri huko ndiko kiini cha nadharia yenyewe. Yanayomsukuma mtu, kwa maelezo ya Williams, hayaishii kwenye tamaa za siku. Yamo pia mapenzi kwa watu fulani, uaminifu kwa kikundi, mipango ya muda mrefu, namna ya kuthamini mambo, hata mazoea ya kuona aibu au huruma. Na kufikiri si kutafuta njia ya kufikia lengo tu. Mtu anaweza kupanga mambo mawili yanayogongana ili yote yapate nafasi. Anaweza kupima lipi analithamini zaidi, au kuvuta taswira ya maisha yatakavyokuwa akichagua hivi au vile, na taswira hiyo ikamwamshia hamu ambayo hakuwa nayo au ikamwondolea aliyokuwa nayo. Kwa hiyo mipaka ya sababu za mtu haijulikani kikamilifu, hata kwake mwenyewe.

Lakini kwa Owen, hadithi inataka tuamini kwamba njia zote hizo zimefungwa. Anajua ukweli wote, amefikiri kwa kina, na hakuna uzi wowote kutoka kwenye anayoyajali unaofika jeshini. Hapo Williams anaibana familia. Ikiwa kitu ni sababu ya mtu kutenda, lazima iwezekane kwamba siku moja mtu huyo atende kwa sababu hiyo, na kwamba tukiulizwa kwa nini alitenda tuitaje sababu hiyohiyo. Sasa Owen angewezaje kuingia jeshini kwa sababu ya fahari ya ukoo? Ingebidi kwanza aanze kuijali fahari hiyo. Akiijali, sababu imekuwa ya ndani. Asipoijali, haiwezi kumsukuma kufanya lolote. Kwa Williams, familia inaweza kumwita Owen mkaidi, mbinafsi au asiye na shukrani, na pengine baadhi ya hayo yakawa kweli. Haiwezi kudai kwamba amekosea katika kufikiri.

Owen anavutia huruma, hivyo ni rahisi kukubaliana na hoja hii. Lakini Williams mwenyewe alitoa mfano unaouma kwa upande wa pili. Kuna mume anayemtendea mkewe ukatili. Anaambiwa ana sababu ya kubadilika, kwa kuwa yule ni mke wake. Anajibu kwamba hajali. Watu wanajaribu kila njia, wanatafuta huruma, aibu au upendo wowote uliobaki, na hawapati kitu. Williams alikubali matokeo ya nadharia yake: mume huyo ni katili, mbinafsi, na mkewe angekuwa salama zaidi kama angebadilika, lakini kusema kwamba yeye mwenyewe anayo sababu ya kubadilika ni kusema jambo lisilo kweli.

Wengi wamegoma hapo. John McDowell, katika makala ya mwaka 1995, alikubali kwamba mtu kama huyo huenda asifikishwe popote kwa hoja. Malezi yake yalikwenda kombo, na kinachohitajika ni kama kuongoka: macho yafunguke, si hesabu zipangwe upya. Lakini akiongoka, atayaona mambo jinsi yalivyo, na atatambua kwamba maumivu ya mkewe yalikuwa sababu hata siku zile alipokuwa haoni. Kutofikika kwa hoja, kwa McDowell, hakuiondoi sababu.

Williams alijibu kwamba huo unaweza kuwa ukweli kuhusu mtu mwema, wala usiwe ukweli kuhusu huyu tuliye naye. Mtu mwenye kiasi anaweza kukaa baa jioni nzima na wenzake bila madhara. Aliyewahi kutawaliwa na pombe, na anayejijua, ana sababu ya kutoikaribia baa hiyo. Kwa hiyo haitoshi kuangalia mtu kamili angefanya nini, kisha kumbandika mwingine sababu hizo.

Pigo zito zaidi lilitoka kwa Derek Parfit, mwanafalsafa wa Oxford, katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 2011. Anatuomba tumfikirie mtu anayejua kwamba jambo fulani litamletea maumivu makali mno siku za usoni. Amefikiri kwa utulivu, ukweli wote anao, na bado hana hamu yoyote ya kuyaepuka. Ikiwa sababu zote hutoka kwenye yale tunayoyajali, mtu huyu hana sababu ya kuyaepuka maumivu hayo. Kwa Parfit, nadharia inayofika hapo imejiangusha yenyewe, kwani jinsi maumivu yalivyo inatosha kuwa sababu ya kuyakwepa. Mtetezi wa upande wa ndani anaweza kujibu kwamba mtu kama huyo karibu hayupo duniani. Jibu hilo halimtoi kwenye kona, kwa sababu swali ni kwa nini tunamwona mtu huyo kuwa na kasoro ya akili, wala si mwenye ladha tofauti tu.

Pamoja na hayo, upande wa Williams unaeleza kitu ambacho wapinzani wake hukipita haraka, yaani lawama inavyofanya kazi. Mtu anapolaumiwa huambiwa kwamba alikuwa na sababu ya kutenda vingine. Katika makala ya mwaka 1989 Williams aliona kwamba mara nyingi kauli hiyo hutangulia ukweli. Mlaumiwa huenda hakujali jambo lenyewe, ila anajali kuheshimiwa na watu anaowaheshimu. Kwa kumtendea kama mtu mwenye sababu hiyo, wanaomlaumu wanaigusa haja yake ya heshima, na kupitia hapo sababu inaweza kuzaliwa ndani yake. Ndiyo maana karipio la shangazi anayependwa linaweza kumbadilisha kijana, wakati maneno yaleyale kutoka kwa mpita njia yanaishia hewani.

Anabaki yule mume asiyejali mke, wala heshima, wala mtu yeyote. Kwake lawama haina pa kushika, na pande zote mbili zitakubaliana kwamba mke alindwe na sheria ichukue mkondo wake. Wanachobishania ni jinsi ya kumweleza mtu huyo. Kwa McDowell na Parfit, kuna ukweli unaomhusu ambao ameshindwa kuuona. Kwa Williams, huenda anaona kila kitu barabara, na tatizo lake si kwamba amekosa akili. Ni kwamba ni mtu mbaya.