Je, wajua mtoro anayeonekana ameshanaswa?

Mwaka 1983 kampuni ya Ravensburger ya Ujerumani ilitoa mchezo wa ubao uitwao Scotland Yard, na mwaka huohuo mchezo huo ukatwaa tuzo ya Mchezo wa Mwaka ya nchi hiyo. Ubao wake ni ramani ya London yenye vituo 199 vilivyounganishwa kwa teksi, basi na treni ya chini ya ardhi. Mchezaji mmoja ni mtoro aitwaye Bwana X. Upande wa pili ni wapelelezi wanaomsaka, na wakiwa wachezaji wawili tu, mmoja huwasogeza wapelelezi wote. Wapelelezi wanaonekana muda wote, lakini mtoro huandika hatua zake kwa siri kwenye karatasi na kujitokeza kwenye hatua ya 3, ya 8, ya 13, ya 18 na ya 24.

Kwa nini hizo na si kila baada ya hatua mbili au kumi? Ndani ya swali hilo mna kazi ngumu kuliko zote katika michezo ya aina hii: kuwapa watu wawili kazi zisizofanana hata kidogo, mmoja kuwinda na mwingine kujificha, halafu kuhakikisha kwamba kila mmoja anashinda karibu nusu ya michezo. Kwenye drafti pande zote zina kete zilezile na sheria zilezile, kwa hiyo usawa unakuja karibu wenyewe. Hapa hakuna cha kulinganisha. Huwezi kusema mpelelezi mmoja ana thamani ya hatua ngapi za siri mpaka uhesabu.

Tuanze na mtoro asiyejificha. Wanahisabati Aigner na Fromme walithibitisha mwaka 1984 kwamba kwenye ramani yoyote ambayo njia zake zinaweza kuchorwa bila kukatana, askari watatu wanatosha kumkamata mwizi anayeonekana, hata akimbie vipi. Kwenye ubao wa miraba, ambapo kila mmoja anasogea mraba mmoja juu, chini au pembeni na anaruhusiwa kubaki alipo, wawili wanatosha. Kwa hiyo mtoro anayeonekana hana mchezo, na kumwongezea uwanja mpana zaidi ni kuahirisha tu. Kinachompa uhai ni kutojulikana alipo, na hicho ndicho mtunzi wa mchezo anapaswa kukigawa kwa kipimo.

Kipimo chenyewe kinaweza kuonekana kwenye ubao wa kawaida wa drafti, wenye miraba 64. Zipe safu majina A hadi H na mistari namba 1 hadi 8. Mtoro amejitokeza D4, kisha anatoweka, na kila zamu lazima asogee mraba mmoja juu, chini au pembeni. Baada ya zamu moja anaweza kuwa kwenye miraba 4. Baada ya mbili ni 9, baada ya tatu 16, baada ya nne 23, na baada ya tano 28. Hiyo ndiyo miraba ambayo mwindaji mwangalifu lazima aitilie shaka yote. Mtu angetarajia idadi iwe kubwa zaidi, lakini mtoro anayelazimika kusogea hubadili rangi ya mraba kila zamu. Ametoka kwenye rangi moja, na baada ya zamu tano lazima awe kwenye rangi ya pili. Mwindaji anayejua hilo amekwisha kufuta nusu ya ubao bila kuinua kete.

Sasa badilisha sheria moja ndogo: mtoro aruhusiwe kubaki alipo akitaka. Baada ya zamu tano shaka inapanda kutoka miraba 28 hadi 51. Ni kibali kidogo ambacho watunzi wengi wachanga hukitoa kwa huruma, ili mtoro asibanwe kwenye kona, kisha wanashangaa mbona wawindaji wao hawashindi tena.

Scotland Yard inatumia dawa nyingine, nayo ni tiketi. Kila hatua mtoro lazima aonyeshe amepanda chombo gani, ingawa haonyeshi ameshukia wapi. Vituo vya treni ya chini ya ardhi ni vichache, kwa hiyo tiketi moja ya treni hufuta sehemu kubwa ya ramani. Kwenye ubao wetu tunaweza kuiga jambo hilo kwa kumtaka mtoro atangaze kila zamu kama amekwenda kwa mlalo au kwa wima, bila kusema upande gani. Tuseme katika zamu tano kutoka D4 ametangaza mlalo mara tatu na wima mara mbili. Safu anazoweza kuwamo ni nne tu: A, C, E na G. Mistari ni mitatu: 2, 4 na 6. Nne mara tatu ni 12. Kutoka miraba 28 tumeshuka hadi 12, na mtoro hajataja mahali hata pamoja.

Bwana X pia ana tiketi nyeusi, ambazo hazisemi amepanda nini, na idadi yake hulingana na idadi ya wapelelezi. Tumpe mtoro wetu moja. Ametangaza mlalo mara mbili na wima mara mbili, na zamu moja amenyamaza. Kama zamu ile ilikuwa ya mlalo, yuko kwenye mojawapo ya ile miraba 12. Kama ilikuwa ya wima, yuko kwenye miraba mingine 12, na makundi hayo mawili hayana hata mraba mmoja wa pamoja. Jumla ni 24. Ukimya wa zamu moja kati ya tano umerudisha karibu siri yote aliyokuwa ameipoteza kwa kutangaza. Ndiyo maana kumwongezea mtoro tiketi nyeusi mbili si marekebisho madogo, hata kama kwenye karatasi ya sheria yanaonekana hivyo.

Kwa hiyo, mbali na tiketi, kuna mambo matatu ya kugusa, na uzito wake haufanani. Idadi ya wawindaji ndiyo nzito kuliko yote. Ukitoka wawili kwenda watatu unaweza kuupindua mchezo mzima. Muda wa siri, yaani mtoro ajitokeze kila baada ya zamu ngapi, ni wa kati: kutoka zamu tatu hadi nne shaka inaruka kutoka 16 hadi 23. Kilicho chepesi ni urefu wa mchezo, kwa sababu kuongeza au kupunguza zamu moja ya mwisho kunasogeza mizani kidogo tu. Mtunzi mzuri hupanga wawindaji kwanza, kisha muda wa siri, na urefu anauacha mwisho. Kwenye Scotland Yard urefu umefungwa kwa werevu ndani ya tiketi zenyewe. Kila mpelelezi ana tiketi 10 za teksi, 8 za basi na 4 za treni, jumla 22. Mtoro ana kadi mbili za kwenda hatua mbili kwa zamu moja, na ndiyo sababu karatasi yake ina nafasi 24. Tiketi wanazotumia wapelelezi, tena, huishia mikononi mwa mtoro.

Urefu unaofaa unaupataje? Njia ninayoiamini kuliko kubahatisha ni kucheza bila kikomo kwanza. Wachezaji wacheze mpaka mtoro anaswe, na iandikwe ni zamu ya ngapi. Tuseme michezo tisa imeisha kwenye zamu ya 6, 9, 11, 12, 14, 17, 19, 23 na 30. Iliyo katikati ni ya 14. Ukiweka kikomo cha zamu 14, wawindaji wangeshinda mitano na watoro minne. Ukiweka 13 inakuwa kinyume chake. Lakini usiishie hapo, maana kikomo hubadilisha tabia. Mwindaji aliyebakiwa na zamu mbili huacha kuzingira na kuanza kubahatisha, na mtoro naye huthubutu kukimbilia mahali ambapo asingekwenda. Jaribu tena ukiwa na kikomo, usogeze kwa moja.

Orodha hiyo ya zamu inafichua jambo jingine ambalo hesabu ya ushindi peke yake hailioni. Kama watoro wengi wananaswa mara tu wanapojitokeza kwa mara ya kwanza na waliobaki hawanaswi kamwe, mchezo unaweza kuonekana nusu kwa nusu ilhali kilichoamua ni mahali pa kuanzia. Hapo usiguse urefu. Rekebisha mwanzo: mpe mtoro zamu za siri kabla ya kujitokeza mara ya kwanza, kama Bwana X anavyopewa hatua mbili.

Wengi hukosea kwenye kuhesabu ushindi wenyewe. Rafiki zako wamecheza mara 20 na wawindaji wameshinda 12. Umeshaanza kufikiria kuwapunguzia nguvu? Subiri. Mchezo ulio sawa kabisa hutoa matokeo ya 12 kwa 8, au yaliyoegemea upande wowote zaidi ya hapo, karibu nusu ya nyakati. Hujajifunza kitu bado. Uwiano uleule ukitokea kwenye michezo 100, yaani 60 kwa 40, habari ni nyingine: mchezo ulio sawa hufika hapo au kupita takriban mara 6 tu katika 100. Na hata kabla ya kuhesabu, hakikisha kila jozi ya wachezaji imebadilishana kazi, la sivyo utakuwa unapima nani ni hodari badala ya kupima mchezo.

Tena uhodari wenyewe haukui sawasawa pande zote mbili. Mwindaji mgeni humfuata mtoro kwa nyuma, huku mwenye uzoefu akiziba njia za kutokea. Mtoro mgeni hukimbia mbali na kete zilizo karibu, jambo linalomfanya atabirike, wakati mzoefu huthubutu kupenya katikati ya wanaomsaka. Usawa uliopatikana kwa wageni unaweza kuvunjika kabisa baada ya mwezi, na hakuna namba moja kwenye karatasi ya sheria itakayowafaa wote.

Kwa hiyo, kama mnacheza wawili na mnabishana upande upi umependelewa, acheni wenyewe mpange bei. Mmoja aseme, "Nitakunasa kwa zamu 16." Mwingine akiona anaweza kwa chache zaidi, aseme 15, na kuendelea hivyo mpaka mmoja akatae kushuka. Aliyetaja zamu chache ndiye anayewinda, na idadi aliyoitaja ndiyo kikomo chake.